Simu ipotee Kange, akaunti ibaki: kupanga ufunguo wa siri na kitunza nywila

Tumchukue mshonaji wa madera wa Ngamiani, Tanga, mwenye simu moja ya Android, laini moja na akaunti moja ya Gmail. Picha za mishono, namba za wateja, ukurasa wa biashara na orodha ya madeni, vyote vinaegemea Gmail hiyo. Aliambiwa ajilinde, naye akajilinda: Gmail inamtumia namba ya uthibitisho kwa SMS, nywila zake zote zimo ndani ya kitunza nywila, na kitunza nywila chenyewe humtumia namba ya uthibitisho kwenye Gmail kila anapoingia kwa kifaa kipya.

Simu inaanguka ndani ya bajaji akitoka stendi ya Kange. Anaazima simu ya jirani. Gmail inataka SMS, na laini imekwenda na simu. Nywila ya Gmail haikumbuki kwa sababu imo ndani ya kitunza nywila. Kitunza nywila nacho kinataka namba iliyotumwa Gmail. Kila mlango, ufunguo wake umefungiwa nyuma ya mlango mwingine. Hakuna aliyemwibia akaunti; amejifungia nje mwenyewe kwa ulinzi aliouweka.

Mduara huu ndio tunaouvunja hapa. Utahitaji simu yako, kompyuta au simu ya pili ya kuazima kwa dakika 20 hivi, kalamu ya wino ya kawaida, karatasi mbili na bahasha mbili. Tenga saa moja na nusu, na usianze ukiwa na asilimia 8 ya chaji. Majina ya vitufe tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, kwa kuwa simu nyingi zinazouzwa mjini huachwa katika lugha hiyo. Tunatumia Bitwarden kama kitunza nywila kwa sababu toleo lake la bure halina kikomo cha nywila wala cha vifaa.

Kwanza, ujue ufunguo wa siri unakaa wapi

Ufunguo wa siri, ambao kwenye skrini huandikwa “Passkey”, si nywila ndefu. Ni funguo mbili zinazozaliwa pamoja. Nusu moja hupewa tovuti, nusu ya pili hubaki kwako, na simu huitumia tu baada ya wewe kuweka kidole au PIN ya skrini. Tovuti ya kitapeli haiwezi kuupata, kwa sababu ufunguo umefungwa na anwani halisi ya tovuti na simu haiutoi kwingine. Lakini huwezi kuukariri, wala kuuandika kwenye karatasi, wala kumsomea mtu kwa simu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nusu yangu imehifadhiwa wapi, na simu ikipotea ninafikaje pale?

Kwenye Android kuna majibu mawili. La kwanza ni Google Password Manager, ambayo hunakili funguo zako kwenye akaunti ya Google zikiwa zimesimbwa, na hufanya kazi kuanzia Android 9. La pili ni kitunza nywila kingine kama Bitwarden, nacho kinaweza kubeba funguo za siri kwenye simu kuanzia Android 14. Angalia toleo lako sasa hivi: “Settings”, kisha “About phone”, kisha “Android version”.

Ushauri wetu ni huu. Kama una Android 14 au zaidi, funguo za siri za huduma nyingine ziweke Bitwarden, na ule wa akaunti ya Google uuache kwa Google. Kama una Android 13 au chini, funguo zote ziweke kwa Google, ila kila akaunti ibaki na nywila yake ndani ya Bitwarden kama njia ya pili. Sababu ni moja: Google ikikufungia siku moja, usipoteze na vya Facebook humohumo.

PIN ya skrini

Watu wengi hufungua simu kwa kidole miaka miwili mfululizo na PIN wameisahau. Hili ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu siku utakapoingia kwenye simu mpya, Google itakuuliza PIN au mchoro wa skrini wa *simu ile iliyopotea* kabla ya kukurudishia funguo zako za siri. Wengine huulizwa “Google Password Manager PIN”, ambayo waliiweka siku walipohifadhi ufunguo wa kwanza na wakaisahau papo hapo. Idadi ya kubahatisha ina kikomo. Ukikosa, akaunti ya Google utaingia, lakini funguo za siri zilizomo hazitafunguka.

Kwa hiyo zima simu, iwashe, na uingie kwa PIN. Simu iliyotoka kuwashwa haikubali kidole, basi hapo utajua kama unaikumbuka. Kama ni mchoro wa herufi L au namba 1234, ibadilishe kwa tarakimu sita. Mtu yeyote anayeijua PIN hiyo anaweza kutumia funguo zako zote za siri akiishika simu, hata kama kidole chake hakimo. Mtoto anayefungua simu acheze gemu naye ni “mtu yeyote”.

Akaunti ya Google: namba kumi za akiba

Fungua `myaccount.google.com` kwenye Chrome, nenda “Security”, kwenye baadhi ya simu “Security & sign-in”. Mambo ni matatu.

Anza na nywila. Ibadilishe iwe unayoijua kichwani au utakayoiandika kwenye karatasi tutakayoifikia. Nywila ya Gmail na nywila kuu ya Bitwarden ndizo mbili pekee ambazo hazitakiwi kuishi ndani ya kitunza nywila peke yake.

Kisha washa “2-Step Verification” kama haijawashwa. Ndani yake, ongeza “Authenticator” kwa programu ya Google Authenticator. Hii hutoa namba ya tarakimu sita inayobadilika kila baada ya sekunde 30, na haihitaji bando wala mtandao wa laini. Namba ya simu iache ibaki kama njia ya ziada. SMS ya uthibitisho ni kama unavyosemwa mji wetu, waja leo waondoka leo. Si kitu cha kukitegemea peke yake.

Mwisho, ndani ya ukurasa huohuo, bonyeza “Backup codes” halafu “Get backup codes”. Utapewa namba 10, kila moja ya tarakimu 8. Kila moja hutumika mara moja tu. Ukibonyeza kuomba mpya, zile za zamani zote zinakufa papo hapo, na hapa ndipo watu wanapoteleza: mtu anaandika namba vizuri, wiki mbili baadaye anaingia kuchungulia, anabonyeza “Get new codes” bila kusoma, na karatasi iliyo kabatini inakuwa haina kazi. Ziandike kwa mkono sasa hivi. Usipige picha ya skrini, maana picha itakwenda kukaa kwenye simu ileile unayojihami isikupotelee.

Bitwarden: nywila kuu

Pakua Bitwarden kutoka Play Store na uangalie mchapishaji ameandikwa Bitwarden Inc. Bonyeza “Create account”. Kabla ya kuendelea, tazama ule mstari mdogo unaoonyesha `bitwarden.com` au `bitwarden.eu`. Hizi ni seva mbili zisizojuana. Akaunti iliyofunguliwa kwenye moja haipo kwenye nyingine, na ukiingia kwenye isiyo yako utaambiwa nywila si sahihi ilhali ni sahihi kabisa. Acha `bitwarden.com`, na uandike hivyo kwenye karatasi.

Nywila kuu lazima iwe na herufi zisizopungua 12. Njia inayofaa ni kuchukua kamusi ya Kiswahili, ufumbe macho, uifungue mahali popote na uweke kidole. Neno lililo chini ya kidole ndilo lako, hata kama hulipendi. Fanya mara tano, uunganishe kwa vistari. Utapata kitu cha namna hii:

```
chano-pepeta-ugoro-fuawe-sindiria
```

Usiutumie mfano huu, na usichukue methali wala mstari wa taarabu. Maneno ambayo tayari yamewahi kukaa pamoja hubahatishika kirahisi. Tena jihadhari na kibodi ya simu: hupenda kuanza na herufi kubwa na “kusahihisha” Kiswahili kiwe Kiingereza. Bonyeza alama ya jicho uione nywila ilivyo kabla ya kuithibitisha. Wapo waliojifungia nje kwa sababu ya `C` kubwa moja ambayo hawakuiona.

Bitwarden hawaijui nywila kuu yako na hawawezi kukurudishia. Ukiisahau na hujaiandika, kilichomo ndani kimekwenda. Ndiyo maana, kwa mtu mwenye simu moja, tunasema iandike. Wako wanaopinga, wakisema nywila kuu ikae kichwani tu. Lakini mwizi wa simu wa Kange hajui nyumba yako ilipo, na usahaulifu unaijua.

Namba ya kuokolea ya Bitwarden

Hatua hii haifanyiki ndani ya programu ya simu. Fungua Chrome, andika `vault.bitwarden.com`, ingia. Nenda “Settings”, “Security”, “Two-step login”. Washa “Authenticator app” na uiunganishe na Google Authenticator ileile. Ukiwa na njia hii, Bitwarden haitegemei tena namba ya kwenye Gmail unapoingia kwa kifaa kipya. Ile namba ya barua pepe hutumwa kwa wasio na uthibitisho wa hatua mbili.

Baada ya hapo, kwenye ukurasa huohuo, bonyeza “View recovery code”. Inakuja mfululizo wa herufi na tarakimu 32, umegawanywa nne nne. Uandike hivyohivyo, mafungu manane, na sifuri uikate kwa mstari isije ikasomeka kama O. Namba hii ikitumika, inazima uthibitisho wa hatua mbili wote wa Bitwarden ili uweze kuingia kwa nywila kuu, na baada ya hapo haifai tena. Lazima uwashe upya na uandike nyingine.

Ukiacha hatua hii, umebadilisha mduara mmoja kwa mwingine: Authenticator imo kwenye simu, simu imepotea.

Kuweka funguo na nywila ndani

Sasa ndiyo kazi ya kila siku, na ni nyepesi. Kwenye Android 14 na kuendelea, ingia “Settings”, tafuta “Passwords, passkeys & accounts”, na uchague Bitwarden kama huduma kuu. Kisha fungua akaunti unazozijali, moja moja. Kwa mshonaji wetu ni tatu nne: ukurasa wa biashara, barua pepe, labda akaunti ya tovuti anayoagizia vitambaa. Ndani ya kila moja, kwenye mipangilio ya usalama, ukiona “Create a passkey” ibonyeze, na simu ikiuliza pa kuhifadhi, soma kabla ya kukubali. Dirisha lile hupendekeza sehemu moja kwa maandishi makubwa na kuficha nyingine chini ya “Save another way” au maneno ya namna hiyo. Anayebonyeza haraka haraka huishia na funguo mbili Bitwarden, tatu kwa Google, na hajui ipi iko wapi.

Kwenye akaunti ya Google yenyewe huenda ukakuta ufunguo tayari upo. Simu za Android huutengeneza zenyewe unapoingia. Utaona orodha kwenye `g.co/passkeys`.

Usitengeneze ufunguo wako wa siri kwenye simu ya mume, dada au mfanyakazi wa dukani ukidhani unaweka akiba. Ufunguo hufuata simu na mwenye PIN yake, haumjui aliyeuomba.

Karatasi

Hiki ndicho kifaa kinachovunja mduara. Karatasi moja inabeba:

- anwani ya Gmail na nywila yake
- namba 10 za akiba za Google, na tarehe zilipotolewa
- `vault.bitwarden.com`, nywila kuu na namba ya kuokolea ya herufi 32
- Google Password Manager PIN, kama uliwahi kuiweka
- IMEI ya simu, tarakimu 15, inayoonekana ukipiga `*#06#`. Simu ya laini mbili ina mbili

PIN ya skrini usiiandike hapa. Karatasi na simu vikiibwa pamoja nyumbani, angalau kimoja kisifungue kingine.

Andika nakala mbili kwa mkono. Kalamu ya wino mzito wa kawaida inavumilia. Wino wa jeli hutawanyika ukipata unyevu, na kwa joto la pwani hewa ya kabatini si kavu. Karatasi ya risiti ya mashine hufifia, usiitumie. Wala usimtumie mwenye steshenari faili kwa WhatsApp akuchapie na kukulaminishia. Faili litabaki kwenye kompyuta yake mpaka siku kompyuta hiyo itakapouzwa. Mfuko mdogo wa plastiki ndani ya bahasha unatosha.

Bahasha moja ikae nyumbani na vyeti. Ya pili iende kwa mtu unayemwamini anayeishi kwingine, tuseme mama yako Muheza. Funga kwa gundi na utie saini yako juu ya ungio, ili ikifunguliwa ionekane. Anayekaa nayo hahitaji kujua ndani kuna nini. Mwambie tu isilowe.

Laini nayo ina mlango wake

Mwizi mwenye akili hahangaiki na PIN ya skrini. Anachomoa laini, anaitia kwenye simu yake, na SMS zote zinakuja kwake. Dawa ni PIN ya laini: “Settings”, tafuta “SIM lock”, washa “Lock SIM card”. Itakuuliza PIN ya awali ambayo imeandikwa kwenye kadi uliyopewa na laini. Usibahatishe, ukikosea mara tatu inajifunga na kudai PUK. Kadi ikiwa imepotea, piga 100 kwa mtandao wako uulize kwanza. Kisha ibadilishe PIN, kwa sababu ya awali wanaijua wengi.

Simu ikipotea, laini hurudishwa dukani kwa namba ya NIDA ya tarakimu 20 na alama ya kidole. Kidole kinapaswa kuwa cha aliyesajili. Kama laini ilisajiliwa kwa jina la kaka yako aliyeko Mwanza, huirudishi Tanga. Piga `*106#` uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako kabla hujahitaji kujua.

Zoezi kabla ya balaa

Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayoonyesha kama kazi yote imefanyika. Zima simu yako na uiweke mbali. Chukua kompyuta au simu ya kuazima, fungua Chrome, kwenye vidoti vitatu chagua “New Incognito tab”. Usiingie kwa dirisha la kawaida, kwani Chrome ya simu inaweza kuiongeza akaunti yako kwenye simu ya mwenzio, na anwani za wateja wako zikamwagika humo.

Nenda `gmail.com`. Weka anwani yako. Huenda ikadai ufunguo wa siri kwanza. Bonyeza “Try another way”, chagua “Enter your password”. Ukishaweka nywila itataka hatua ya pili: tena “Try another way”, kisha chaguo la namba ya akiba ya tarakimu 8. Weka ya kwanza kwenye karatasi. Ikikubali, ikate kwa mstari kwenye nakala zote mbili; zimebaki 9. Ukiulizwa kuhifadhi nywila au kutengeneza ufunguo wa siri kwenye kifaa hicho, kataa.

Kwa Bitwarden, usiitumie namba ya kuokolea katika zoezi, maana itazima kila kitu. Jaribu nywila kuu tu: ukifika kwenye swali la namba ya Authenticator, ujue nywila kuu imekubaliwa na seva ni sahihi. Kisha washa simu yako, maliza kuingia kwa namba ya Authenticator, rudi “View recovery code”, na namba ya kuokolea ya kwenye karatasi uilinganishe kwa macho, herufi kwa herufi, na ile iliyo kwenye skrini.

Ukikwama popote katika zoezi, simu yako ipo, unaiwasha na kurekebisha.

Siku yenyewe

Rudi kwa mshonaji wetu. Ni Ijumaa alasiri, bajaji imekwisha kuondoka na simu. Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko kasi.

Anaazima simu ya jirani na kufungua `android.com/lock`. Hapo panatosha namba yake ya simu, bila nywila, na skrini inajifunga mradi simu ina mtandao. Hii inafanya kazi tu kama alishawasha “Remote Lock”, ndani ya “Settings”, “Google”, kwenye “Theft protection”. Kama hujaiwasha, iwashe leo. Kwa simu hiyohiyo ya jirani anapiga 100 asimamishe laini na pesa ya simu. Ajue kwamba laini ikifungwa na simu haina mtandao mwingine, kuitafuta kwa ramani kunakuwa kugumu. Kama ana pesa ndani ya laini, asisubiri ramani.

Anakwenda nyumbani, anachukua bahasha. Kwenye dirisha la siri la kompyuta anaingia Gmail kwa nywila na namba ya akiba ya pili. Zimebaki 8. Anafungua `google.com/android/find` aone simu iko wapi. *Baada* ya hapo, na si kabla, anakwenda `myaccount.google.com/device-activity`, anaichagua simu iliyopotea na kubonyeza “Sign out”. Akianza na “Sign out” ramani inakufa, kwa sababu simu haijulikani tena kama ni yake.

Jumamosi asubuhi anarudisha laini kwa kidole. Jioni ana simu nyingine, hata iwe ya mtumba. Anaingia Google kwa nywila na namba ya akiba au SMS, kisha inamuuliza PIN ya skrini ya simu ya zamani. Anaiweka, na Google Authenticator akiifungua kwa akaunti hiyohiyo inarudi na namba zake, ikiwa usawazishaji ulikuwa umewashwa. Alama ya wingu juu ya programu hiyo ndiyo inayoonyesha. Namba zikirudi, Bitwarden inafunguka kwa nywila kuu na tarakimu sita, na namba ya kuokolea inabaki bila kutumika. Zisiporudi, ndipo anaitoa: kwenye swali la hatua ya pili anachagua njia nyingine, “Recovery code”. Barua pepe iwe imeshafunguliwa kabla ya hapo, kwa kuwa uthibitisho wa hatua mbili ukizimwa Bitwarden inaweza kutuma namba huko.

Funguo za siri zilizomo Bitwarden zinakuja zenyewe pamoja na nywila. Ufunguo wa Google uliokuwa kwenye simu ya zamani auangalie kwenye `g.co/passkeys`, na ukiwa bado unaonekana kwa jina la simu hiyo, aufute.

Kisha anaomba namba kumi mpya za akiba, anaandika karatasi mbili mpya, anachoma za zamani, na Jumapili anapanda daladala kwenda Muheza kubadilisha bahasha.